Risiti imeandikwa laki nane na nusu, simuni imeingia laki tano na themanini: namna ya kumshukuru mteja na kurekebisha kiasi

Naandika daftari la mapato katika karakana yetu ya samani, Majengo, Moshi. Kuanzia Novemba kazi huwa nyingi, kwa sababu watu wa Dar es Salaam wanataka vitanda na makabati yafike Kibosho, Machame na Marangu kabla hawajapanda nyumbani kwa Krismasi. Wengi wanalipa kwa simu, kwa mafungu, na wengi hatuonani nao mpaka siku wanayokuja kuchukua mzigo. Kwa hiyo kinachobaki kati yetu na mteja ni meseji na picha ya risiti. Kiasi kikiandikwa vibaya hapo, mteja anaamini kilichoandikwa, na ana haki ya kukiamini.

Nitaeleza kwa kisa kimoja tu, kile ambacho nadhani kinawapata wengi: risiti imeshatoka na imeshapigwa picha na kutumwa, halafu unagundua kiasi kilichomo si kile kilichoingia. Mteja nitamwita Mama Neema. Aliagiza kabati la nguo na kitanda cha mninga cha futi tano kwa sita, jumla Sh. 1,450,000. Tarehe 3 Novemba 2025 alitoa kianzio cha Sh. 600,000. Ijumaa tarehe 14, usiku, alimpigia kijana wetu wa karakana akamwambia, "Nimetuma laki nane na nusu, sasa sidaiwi." Kijana akashika kitabu, akaandika risiti Na. 0412 ya Sh. 850,000, akaipiga picha na kumtumia. Asubuhi nilipofungua simu ya kazi nikakuta imeingia Sh. 580,000.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni kosa kweli

Usiandike neno lolote kwa mteja kabla ya kujiridhisha mwenyewe. Kurekebisha hesabu halafu siku ya pili ukairekebisha tena kunamfanya mteja aache kuamini zote mbili.

Anza na meseji ya malipo yenyewe. Isome tarakimu kwa tarakimu, siyo kwa kuitupia jicho, kisha ulinganishe na salio la akaunti au taarifa ya miamala. Nasisitiza salio kwa sababu meseji ya kughushi ipo. Meseji halali ya malipo huingia kwa jina la huduma, kwa mfano M-PESA, si kwa namba ya mtu wa kawaida, na pesa yake unaiona imeongezeka kwenye akaunti.

Halafu tafuta kama tofauti haijapita mlango mwingine. Mteja akisema ametuma laki nane na nusu na wewe unaona laki tano na themanini, inawezekana zile nyingine zimeingia kwenye laini ya mtandao mwingine, au benki, au mtu wa familia amezileta mkononi akamkabidhi fundi. Niliwauliza mafundi wote asubuhi ile, nikaangalia laini zetu zote mbili na akaunti ya benki. Hakukuwa na kitu.

Kisha fanya jaribio dogo la hesabu ambalo watunza vitabu wamelitumia tangu zamani. Toa kiasi kidogo katika kikubwa, halafu gawanya jibu kwa tisa. Likigawanyika bila kubaki, kuna uwezekano mkubwa kuwa tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Hapa 850,000 ukitoa 580,000 inabaki 270,000, na 270,000 ukigawa kwa tisa ni 30,000 kamili. Nane na tano zimepishana. Jaribio hili halithibitishi jambo, maana zipo tofauti nyingi zinazogawanyika kwa tisa kwa sababu nyingine. Pia halikuambii aliyekosea ni nani. Linakusaidia tu kujua utafute wapi, na hapa lilinionyesha kwamba huenda mtu alibonyeza 58 badala ya 85 wakati wa kutuma. Hilo ni kosa la kidole. Kulijua kabla ya kushika simu kunabadilisha hata sauti utakayoandika nayo.

Kuna tofauti moja ambayo haitokani na tarakimu kupishana, nayo inatusumbua sana: ya kutolea. Mteja anatuma Sh. 300,000, anaongeza juu yake pesa ya kutolea kwa wakala, na mtandao nao unamkata ada ya kutuma. Yeye anaandika kwenye daftari lake kila kilichotoka mfukoni mwake, wewe unaandika bei ya kazi. Wote wawili mko sahihi na bado hamlingani. Ukiona tofauti ni ndogo na si maelfu kamili, shuku hilo kwanza. Hapo ujumbe wako hautasema kuna kosa. Utataja kiasi kilichoingia na sehemu gani yake umeihesabu kama ya kutolea.

Hatua ya pili: tengeneza kitabu kabla ya meseji

Risiti yenye kosa haichanwi wala haipakwi rangi nyeupe. Piga mistari miwili juu yake, andika IMEFUTWA kwa herufi kubwa kwenye nakala iliyobaki kitabuni, weka tarehe na saini. Kama karatasi ya juu bado unayo, ifanyie hivyo hivyo na uibane mahali pake. Kisha andika risiti mpya kwa namba inayofuata, na ndani yake uandike "badala ya Na. 0412". Yetu ikawa Na. 0413. Atakayekagua kitabu baadaye ataona namba zote zinafuatana na ataelewa nini kilitokea bila kukuuliza.

Kama risiti yenye kosa ilitoka kwenye mashine ya EFD, jambo ni zito zaidi. Kilichotoka pale kimehifadhiwa kwenye kumbukumbu ya mashine na taarifa yake inakwenda TRA. Kuchana karatasi hakufuti chochote, na ukitoa nyingine kimya kimya mauzo yatasomeka mara mbili. Itunze risiti ile yenye kosa, andika pembeni sababu, na umpelekee mhasibu wako au uende ofisi ya TRA wakuelekeze namna ya kuirekebisha. Ujumbe kwa mteja hauchukui nafasi ya hilo, na ni vizuri kumweleza mteja mwenye biashara kuwa risiti ya mashine inashughulikiwa, kwa sababu huenda na yeye ameshaiingiza kwenye hesabu zake.

Hatua ya tatu: amua utamtumia nani, na lini

Mtumie aliyelipa, peke yake. Nasema hivi kwa sababu picha ya risiti ya kwanza mara nyingi huwa imeshawekwa kwenye kundi la familia la Wasapu, lile la kujenga nyumba ya wazee, ambamo kila mtu anaona nani ametoa kiasi gani. Ukirekebisha humo ndani, hata kwa maneno ya asali, umemvunjia heshima mbele ya ndugu zake: jana alisema laki nane na nusu, leo fundi anasema siyo. Mpe yeye risiti mpya, na aamue mwenyewe ataiwekaje kundini.

Kuhusu muda, tuma siku ile ile unapogundua, lakini asubuhi au mchana. Meseji ya pesa ikiingia saa tano za usiku inamnyima mtu usingizi, na hawezi kukupigia akaulize. Kuchelewa nako kuna gharama. Kila siku inayopita, ile laki nane na nusu inazidi kukomaa kichwani mwa mteja, anamwambia mumewe, anapanga matumizi mengine akijua deni limekwisha.

Hatua ya nne: andika ujumbe

Huu ndio niliomwandikia Mama Neema. Nauweka wote, halafu nitaeleza kwa nini kila kipande kimekaa pale kilipo.

"Shikamoo mama, habari za Dar.

Tunakushukuru sana kwa malipo yako ya pili. Tumepokea Sh. 580,000/= (shilingi laki tano na elfu themanini) Ijumaa tarehe 14 Novemba 2025, saa 1:42 usiku. Kumbukumbu namba yake inaishia na 7KQ.

Risiti Na. 0412 tuliyokutumia usiku ule imeandikwa Sh. 850,000/=. Kosa ni letu, tuliandika risiti kabla ya kufungua meseji ya malipo. Utusamehe kwa usumbufu. Risiti sahihi ni Na. 0413, na picha yake ni hii hapa.

Hesabu imekaa hivi:
Bei ya kabati na kitanda 1,450,000
Kianzio cha tarehe 3 Novemba 600,000
Malipo ya tarehe 14 Novemba 580,000
Baki 270,000

Naomba uilinganishe na meseji iliyoko kwenye simu yako. Kama kuna malipo mengine yaliyopita njia nyingine, niambie nami nitayatafuta. Kazi inaendelea kama tulivyopanga, kabati limeshapigwa msasa. Nitakupigia kesho saa nne asubuhi kwa namba hii hii unayoijua.

Mama Asha, Majengo"

Tuanze na shukrani. Imekaa kwenye sentensi yake yenyewe na imemalizika kwa nukta. Wengi huandika "Asante kwa malipo yako lakini..." na ile lakini inakula asante yote iliyotangulia. Mteja anaruka moja kwa moja kwenye kilichofuata, na shukrani inabaki kama mlango wa kuingilia lawama. Laki tano na themanini ni pesa nyingi, mtu ameitoa akiwa mbali, kwa kazi ambayo hajaiona kwa macho. Inastahili kushukuriwa kwa kiasi chake halisi, ndiyo maana kiasi sahihi kimetajwa ndani ya shukrani yenyewe. Mteja anaposoma mstari wa pili ameshaona namba ya kweli, tena ameiona kama kitu cha kupongezwa.

Kiasi kimeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Hapa Kiswahili chetu cha mazungumzo kina mtego. Tukizungumza, "laki tano na themanini" kila mtu sokoni Mbuyuni anaelewa ni 580,000. Ukiiandika hivyo kwenye karatasi, mtu mwingine anaweza kuisoma 500,080. Vilevile "elfu mia tatu na hamsini" inaweza kuwa 350,000 au 300,050, na "milioni moja na mia mbili" tunaitamka kila siku tukimaanisha milioni moja na laki mbili. Kwenye ujumbe wa risiti rudia neno la kipimo kila mahali: laki tano na elfu themanini, milioni moja na laki mbili. Inaonekana ndefu, lakini haisomeki kwa namna mbili. Ile alama ya /= mwishoni nayo ina kazi yake kwenye risiti ya mkono, inafunga namba ili sifuri nyingine isiongezwe.

Saa pia imeandikwa kwa uangalifu. Meseji ya malipo ilionyesha 7:42 PM. Mimi nikaandika saa 1:42 usiku, kwa kuwa ndivyo Mama Neema anavyohesabu saa, na nikaweka jina la siku na tarehe. Kuna wazee, hasa waliokulia pwani, ambao kwao usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi ni usiku wa Jumamosi. Ukiandika "malipo ya usiku wa Ijumaa" peke yake, mwenzako anaweza kwenda kutafuta meseji ya siku iliyotangulia asiione. Tarehe inamaliza ubishi. Kumbukumbu namba inamaliza zaidi, kwa sababu ipo ile ile kwenye simu yake na kwenye simu yako. Mimi huandika herufi na tarakimu za mwisho tu. Zinamtosha kuutambua muamala, na sipendi kusambaza namba nzima kwenye meseji ambazo watu wanazituma mbele.

Sasa kipande chenyewe cha marekebisho. Angalia vitenzi. Nimeandika risiti "imeandikwa", sikuandika "umesema" wala "ulituambia". Kiswahili kinaturuhusu kulitaja jambo bila kumtaja mtendaji, na kwa kosa la mteja huo ndio ustaarabu wake. Iliandikwa, ilisomeka, imehesabiwa. Lakini kwa kosa lako mwenyewe usijifiche humo. Pale nimesema wazi "kosa ni letu, tuliandika risiti kabla ya kufungua meseji". Na ni kweli. Mama Neema alitaja kiasi kwa mdomo, ila kazi ya kuhakikisha ilikuwa yetu, risiti haiandikwi kwa kusikia. Ukisoma ujumbe wote hutakuta mahali ninapomkumbusha kwamba yeye ndiye aliyetamka laki nane na nusu. Analijua, na atalikumbuka mwenyewe akifungua simu yake.

Usiende upande wa pili ukajibebesha kosa ambalo si lako. Kama risiti yako ilikuwa sahihi na mteja ndiye aliyeandika vibaya kwenye orodha yake, usiseme "kosa ni letu" ili kumpendeza. Sema tu, "Kwenye orodha uliyotutumia malipo ya tarehe 14 yameandikwa 850,000, na kwenye simu yetu yanasomeka 580,000. Naomba tuitazame pamoja." Msamaha wa uongo unarudi kukubana siku mnapobishana kuhusu deni.

Mpangilio wa hesabu, mistari minne, ndio moyo wa ujumbe. Mteja anachotaka kujua kweli ni anadaiwa kiasi gani sasa, na kimetokana na nini. Ukimwambia tu "bado 270,000" unamlazimisha akuamini. Ukimwekea bei, kianzio, malipo na baki, anajumlisha mwenyewe kwa kalamu. Sikuandika neno "pungufu" wala "deni". Baki linatosha.

Halafu nimemwomba alinganishe, na nimeacha mlango wazi wa malipo yaliyopita njia nyingine. Nilikuwa nimeshatafuta, lakini anaweza kujua kitu nisichokijua. Kuna hali moja ya kuzingatia hapa: kama mteja alikwenda kwa wakala na wakala akaweka pesa moja kwa moja kwenye namba yako, yeye hana meseji yoyote kwenye simu yake, na kwako linaonekana jina la wakala. Ukimwambia aangalie simu yake hataona kitu, ataanza kuingiwa na wasiwasi. Mwelekeze kwenye daftari la wakala, kwenye mstari aliotia saini.

Na mwisho nimetaja kazi. Sentensi ya kabati kupigwa msasa haikuwekwa kupamba. Mtu akisikia kuna tofauti ya pesa, jambo la kwanza analoogopa ni kwamba kazi itasimama. Mwondolee hofu hiyo papo hapo, kama kweli kazi inaendelea. Kama imesimama, usidanganye.

Kitu ambacho hakimo kwenye ujumbe

Ujumbe ule haumwombi atume pesa, wala hauna namba ya kutumia. Niliacha kwa makusudi, na ningependa kila mwenye biashara afanye hivyo. Hakuna mwenye simu nchini ambaye hajawahi kupokea "ile hela itume kwenye namba hii". Watu wamechoka, na wamejifunza kushuku meseji yoyote inayoanza na habari ya pesa na kuishia na ombi la kutuma.

Mwaka wangu wa kwanza nilimwandikia mteja mmoja wa Arusha, mzee wa heshima, kwa laini yangu binafsi kwa sababu simu ya kazi ilikuwa haina chaji: "Mzee, pesa uliyotuma siyo hiyo, imepungua 90,000, naomba umalizie kwenye namba hii." Hakujibu. Siku mbili baadaye alimpigia mume wangu kumwonya kwamba kuna matapeli wanatumia jina la karakana yetu, na kwamba ameshaipeleka namba ile 15040, ile ya TCRA ya kuripoti meseji za utapeli. Alifanya sawasawa kabisa. Kila kitu kwenye ujumbe wangu kilikuwa na sura ya utapeli: namba ngeni, hakuna risiti, hakuna tarehe, hakuna hesabu, na ombi la pesa mwishoni.

Kwa hiyo tuma kutoka namba ile ile aliyozoea, taja vitu ambavyo tapeli hawezi kuvijua kama namba ya risiti na kianzio cha kwanza, na uache suala la kumalizia hadi mtakapozungumza kwa sauti.

Kama mteja anatumia kitochi

Ujumbe mrefu ule ni wa Wasapu. Kwa mteja mwenye simu ya vitufe, meseji moja ina nafasi ya herufi 160, na ukizidisha inakatwa vipande ambavyo wakati mwingine vinafika kimoja mbele ya kingine. Ukiweka emoji hata moja, nafasi inashuka hadi 70. Basi ondoa vikatuni, andika hivi:

"Shikamoo mama. Asante, tumepokea Sh 580,000 tarehe 14/11. Risiti 0412 iliandikwa 850,000 kwa kosa letu. Salio ni 270,000. Nitakupigia jioni. Mama Asha, Majengo"

Hiyo ni herufi 159 pamoja na nafasi. Maneno ya kiasi na mpangilio wa hesabu vimeachwa, kwa hiyo simu ya jioni si hiari tena. Lazima upige na umsomee mistari minne taratibu, akiwa na kalamu.

Ikiwa kilichoingia ni kikubwa kuliko kilichoandikwa

Hapa wengi hunyamaza wakingoja mteja agundue. Mwandikie haraka vilevile, kwa mpangilio ule ule: asante, kiasi kilichoingia, kilichoandikwa, na mstari wa mwisho usomeke "Zaidi" badala ya "Baki". Kisha mwachie achague, irudishwe au ihesabiwe kwenye kazi inayofuata. Usimwamulie. Akichagua irudishwe, irudi kwenye namba ile ile iliyotoka, baada ya kusikia sauti yake. Ikiwa ilipita kwa wakala, usiirudishe kwenye namba ya wakala kabla hamjazungumza. Na ikija meseji kutoka namba nyingine ikisema "rudishia huku, laini yangu ina shida", subiri mpaka umpate mwenyewe kwa namba ya zamani.

Hatua ya tano: piga simu, kisha funga kwa maandishi

Nilimpigia Mama Neema kesho yake saa nne kama nilivyoahidi. Alikuwa ameshaangalia. Mjukuu ndiye aliyembonyezea, akaandika 580 badala ya 850, na yeye hakuwa na miwani, akasikia tu mlio wa meseji akajua imekwenda. Hakukuwa na ugomvi wowote wa kusuluhisha. Aliuliza swali moja: zile zilizobaki azitume lini. Nikamwambia mpaka siku ya kuchukua mzigo bado ni sawa kwetu. Alituma Jumamosi tarehe 22.

Safari hii kijana alifungua meseji kwanza, akaangalia salio, ndipo akashika kitabu. Nami nikamtumia hii:

"Mama, tumepokea Sh. 270,000/= (shilingi laki mbili na elfu sabini) leo tarehe 22 Novemba 2025. Asante sana. Pamoja na kianzio na risiti Na. 0413, bei yote ya 1,450,000 imetimia na baki ni sifuri. Risiti ya leo ni Na. 0421. Ile Na. 0412 imefutwa kitabuni, naomba usiitumie tena. Kitanda kinapakwa vanishi Jumatatu."